Kidoti cha kijani kimewaka, na sikuwa napiga picha

*Habari za kazi kaka. Nauza mafuta ya alizeti hapa Kibaigwa, natumia Tecno yenye Android 13. Siku hizi naona kidoti cha kijani juu ya kioo hata nikiwa sipigi picha, hasa usiku. Niliwahi kukopa kwenye programu ya simu, wakanitaka nijipige picha nikiwa na kitambulisho, nikapata wasiwasi kwamba bado wananiangalia. Nimekutumia skrinishoti. Nitajuaje ni programu zipi zinaweza kutumia kamera na maiki, na nizime zipi bila kuiharibu WhatsApp ninayofanyia biashara?*

Dada, pole kwa wasiwasi. Nimezipitia skrinishoti zako zote na jibu la kidoti limo humo humo. Mkopeshaji wako hajaigusa kamera ndani ya saa 24 zilizoonekana. Hata hivyo ruhusa ya kuigusa anayo, na ya maiki pia anayo, na hiyo lazima tuiondoe leo.

Kidoti kwanza. Kuanzia Android 12, iliyotoka mwaka 2021, programu yoyote ikifungua kamera au maiki, alama ndogo ya kamera au ya maiki hutokea juu kulia kwenye kioo, kisha baada ya muda mfupi husinyaa ikabaki doti ya kijani. Watu wengi wanakwama hapa: rangi ni hiyo hiyo moja kwa kamera na kwa maiki. Kwenye aifoni doti ya machungwa ni maiki na ya kijani ni kamera, lakini kwenye simu yako zote ni kijani. Kwa hiyo ukimtumia mteja wa Dodoma ujumbe wa sauti, doti inawaka. Ukiongea badala ya kuandika kwenye kibodi, doti inawaka. Hakuna picha iliyopigwa hapo.

Ukiiona inawaka na hujui kwa nini, usiiangalie tu ikapita. Vuta kioo kutoka juu kwenda chini wakati bado imewaka, uguse ile alama ya kijani iliyoko kwenye kona. Itajifungua na kukutajia jina la programu inayotumia kamera au maiki sasa hivi, au iliyotoka kutumia muda si mrefu. Hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote.

Ikiwa imeshazimika, simu imeweka kumbukumbu. Fungua Settings, na kwa kuwa Tecno, Samsung, Infinix na wenzao kila mmoja hupanga menyu yake anavyotaka, usihangaike kutafuta kwa macho. Juu kabisa pana sehemu ya kutafutia, andika `Privacy dashboard`. Ikifunguka, gusa Camera, kisha rudi uguse Microphone. Utaona saa kwa saa ni programu gani ilifungua kitu gani ndani ya saa 24 zilizopita. Simu nyingi za Android 13 na kuendelea hukuwezesha kupanua hadi siku 7 kupitia vile vidoti vitatu vya kona ya juu.

Sasa tusome ya kwako. Upande wa maiki pana WhatsApp, mara nyingi, kuanzia asubuhi mpaka jioni, na Gboard mara chache mchana. Hiyo ni biashara yako: ujumbe wa sauti, na wewe kuamrisha kibodi iandike. Upande wa kamera pana Camera yenyewe, uliyopigia picha madumu yako saa 4 asubuhi. Halafu, saa 1:42 usiku, kamera imefunguliwa na ile programu ya tochi. Saa 3:10 usiku, tochi tena.

Hicho ndicho kidoti chako cha usiku, dada. Umeme ukikatika au ukitoka nje gizani unawasha tochi kwa programu uliyoipakua zamani, na programu hiyo inawasha taa kwa mtindo wa kizamani: taa ile ya nyuma ni sehemu ya kamera, kwa hiyo inafungua kamera nzima ili ipate taa. Simu inaona kamera imefunguliwa, inawasha doti. Haimaanishi kwamba ilirekodi chochote. Ila kamera ilikuwa mikononi mwake muda wote tochi ilipowaka, na wewe huna namna ya kujua ilifanya nini nayo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba haina haja nayo kabisa. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, programu inaweza kuwasha taa bila kuomba ruhusa ya kamera. Njia hiyo ipo wazi kwa kila mtengenezaji. Tochi inayodai kamera leo hii ama imetengenezwa na mtu asiyejali ama inataka kitu kingine, na mimi sioni sababu ya kukaa nayo nikichunguza ni lipi kati ya hayo mawili. Zaidi ya hapo, simu yako ina tochi yake. Vuta kioo mara mbili kutoka juu, utaikuta kwenye vitufe vya haraka, imeandikwa Flashlight au Torch. Hiyo haiwashi doti. Ifute ile ya kupakua, moja kwa moja, wala usihangaike kuinyang'anya ruhusa.

Baada ya hapo tuingie kwenye swali lako kubwa, na hapa naomba utenganishe mambo mawili. Privacy dashboard inakuonyesha nani *ametumia*. Haikuonyeshi nani *anaweza* kutumia. Programu ya mkopo haimo kwenye kumbukumbu ya jana, lakini hiyo haimaanishi kwamba mlango umefungwa. Orodha ya wenye uwezo iko kwingine: rudi kwenye Settings, andika `Permission manager`, fungua, kisha gusa Camera. Utaona mafungu yenye vichwa. Walio chini ya "Allowed only while in use" wana ruhusa. Walio chini ya "Ask every time" wanatakiwa wakuulize kila wakitaka. Walio chini ya "Not allowed" walikataliwa, au hawajawahi kupewa. Ukimaliza Camera, rudi uguse Microphone, maana ni orodha mbili tofauti na kumtoa mtu kwenye moja hakumtoi kwenye nyingine.

Kwenye skrinishoti zako, fungu la kwanza la kamera lina Camera, Chrome, Facebook, Google, programu ya mkopo, programu ya pesa ya mtandao wako wa simu, kisoma QR, TikTok, tochi na WhatsApp. Upande wa maiki pana Chrome, Facebook, Gboard, Google, programu ya mkopo, mchezo mmoja wa watoto, TikTok na WhatsApp. Nilipouona ule mchezo nilijua kuna mtoto anashika simu yako na kugonga "Allow" kila kinapotokea kisanduku. Ni kawaida sana nyumbani kwetu, na ndiyo maana orodha hizi hujaa bila mwenye simu kujua.

Ukigusa jina lolote unapata chaguo tatu. "Allow only while using the app" maana yake ni kwamba programu inaruhusiwa ikiwa iko mbele yako kwenye kioo. Kuna nyongeza moja: inaruhusiwa pia kuendelea ukiiacha, endapo imeweka arifa yake inayoonekana juu, kama vile WhatsApp inavyoendelea na simu uliyopigiwa huku wewe umetoka kwenda kuangalia bei kwenye meseji. "Ask every time" maana yake kila ukianza kuitumia upya itakuletea kisanduku, nawe utagonga "Only this time" au "Don't allow". Ukitoka, ruhusa hiyo hufutika baada ya muda mfupi. "Don't allow" inajieleza. Utaona pia kwamba kwa kamera na maiki hakuna chaguo la kuruhusu muda wote kama lilivyo kwenye mahali ulipo. Kuanzia Android 9, programu iliyojificha nyuma bila kuonekana haiwezi kufungua kamera wala kusikiliza maiki. Kwa hiyo hofu ya programu kulala kimya siku nzima huku inakuangalia, kwenye simu kama yako, ipunguze. Kinachobaki ni kile inachofanya ukiifungua, na hicho ni kikubwa cha kutosha.

Kanuni ninayotumia ni swali moja kwa kila jina: *ni kazi gani ninayoifanya mimi, ndani ya programu hii, inayohitaji kuona au kusikia?* Nasisitiza ninayoifanya mimi. Usitazame inachoweza kufanya, wala ilichoahidi kwenye maelezo yake. Ukikosa kazi ya kutaja, "Don't allow". Ukipata kazi lakini ni ya mara moja moja, "Ask every time". Ikiwa ni ya kila siku, iache ilivyo. Na usiogope kukosea, kwa sababu kunyima ruhusa hakufuti kitu wala hakuvunji programu. Kile kipengele kimoja tu ndicho kitagoma, na unaweza kurudisha ruhusa kwa njia ile ile uliyoiondolea.

Tuanze na mkopeshaji, maana ndiye aliyekunyima usingizi. Kamera aliihitaji siku ile moja ya kujisajili, upige picha ya uso na ya kitambulisho cha NIDA. Kama siku ile kisanduku kilipotokea ungegonga "Only this time", ruhusa ingeisha pale pale. Wengi hatusomi, tunagonga la juu. Sasa umebakiwa na kazi moja tu kwenye programu hiyo: kulipa marejesho. Kulipa hakuhitaji kamera, na maiki hakuihitaji hata siku ya kwanza. Nenda kwenye orodha ya Camera, gusa jina lake, weka "Don't allow". Kisha orodha ya Microphone, hivyo hivyo. Fungua programu uone: salio la deni litaonekana, na kulipa utaweza. Ikikuletea kisanduku cha kuomba tena, kataa. Ikigoma kabisa kufunguka mpaka uipe maiki, hiyo ni sababu tosha ya kulipa deni kwa njia nyingine waliyokupa na kuachana nayo.

Unaweza kujiuliza kwa nini simu haikumwondolea yenyewe, maana Android huondoa ruhusa za programu isiyofunguliwa kwa miezi kadhaa. Jibu ni kwamba unaifungua kila wiki kulipa. Kwa simu, hiyo ni programu inayotumika. Kinga ile inasaidia kwa programu ulizozisahau tu; kwa hizi unazozigusa gusa, lazima mkono wako upite.

Hapa lazima nikuambie mipaka kwa uwazi. Kuzima kamera leo kunazuia picha za kesho. Picha ya uso wako na ya kitambulisho ulizokwisha kuzituma ziko kwao, na hakuna kitufe kwenye simu yako kinachoweza kuzirudisha. Kwa hizo, njia ni kumwandikia mkopeshaji na kumtaka akueleze anashikilia taarifa zako zipi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuuliza hivyo. Pili, kamera na picha zilizomo ndani ya simu ni ruhusa mbili tofauti. Unaweza kumnyima mtu kamera na bado akawa anasoma picha zote ulizopiga mwaka mzima. Kwa hiyo ukiwa hapo, shikilia kidole kwenye alama ya programu ya mkopo, gusa "App info", halafu "Permissions", uangalie ukurasa mzima. Ukikuta "Photos and videos", "Contacts" au "SMS" ziko kwenye upande wa walioruhusiwa, ondoa zote. Wakopeshaji wanaowatumia ndugu na wateja wako meseji za kukudhalilisha huwapata kwenye Contacts, si kwenye kamera. Duka la Google lilizikataza programu za mikopo kuchukua majina ya watu na picha kuanzia mwaka 2023, ila kamera haimo kwenye katazo hilo, na programu uliyotumiwa kwa kiungo nje ya duka haifungwi na katazo hilo. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yanayofanya kazi bila leseni, kwa hiyo angalia pia kama wako anatambulika.

Jina la pili linalohitaji muda ni Chrome, kwa sababu jina ni moja lakini nyuma yake wamejipanga wengi. Ukiipa Chrome kamera na maiki, ni kama umempa mwenye nyumba ya wageni funguo: kila tovuti inayopanga chumba inaweza kumwomba yeye, na Permission manager haitakutajia tovuti hata moja. Itakuandikia "Chrome" basi. Kuwaona waliomo, fungua Chrome yenyewe, gusa vidoti vitatu vya kona, ingia Settings, kisha Site settings, kisha Camera. Hapo utaona tovuti zilizoruhusiwa na zilizozuiwa, kwa majina. Rudia kwa Microphone. Tovuti usiyoikumbuka, gusa uizuie au uiondoe. Mara nyingi ninazokuta ni zile za kutazama mpira bure na za kubadilisha video kuwa nyimbo, ambazo ziliomba ruhusa na mtu akagonga ili kisanduku kimpishe. Kwa matumizi yako, ambayo ni kuangalia bei na habari, mimi ningezima kabisa: Permission manager, Camera, Chrome, "Don't allow", na Microphone vivyo hivyo. Simu yenyewe ikishamnyima Chrome, hakuna tovuti inayoweza kupita, hata kama iliwahi kuruhusiwa huko ndani. Siku ukialikwa mkutano wa video kupitia kiungo, Chrome itaomba na utaiwashia.

WhatsApp usiiguse. Iache "Allow only while using the app" kwenye orodha zote mbili. Kuna watu huiweka "Ask every time" wakidhani wameongeza usalama, halafu mteja anapiga, wanapokea, na badala ya kuongea wanaanza kupambana na kisanduku cha ruhusa huku mteja anaita "haloo, haloo" mpaka anakata. Kwa chombo cha biashara hilo si jambo la kujitakia. Nililotaka kuhakikisha kwenye skrinishoti zako ni kwamba ni WhatsApp halisi ya duka, na ni yenyewe. Anayetumia zile zilizochakachuliwa, zenye rangi rangi na uwezo wa kuona ujumbe uliofutwa, hana namna ya kujilinda kwa orodha hii, kwa sababu maiki na kamera atalazimika kuzitoa ili apige simu, na aliyezitengeneza hajulikani.

Wengine wote ni wa kupita haraka. Facebook unaitumia kusoma na kuweka picha za madumu ulizokwisha kuzipiga; kamera na maiki "Don't allow", na picha zako bado utaziweka. TikTok, kama unatazama tu, "Don't allow" kote kote, na siku ukianza kurekodi video za mafuta yako utairudishia. Programu ya pesa inahitaji kamera kusoma QR. Wewe unaandika Lipa Namba kwa tarakimu, kwa hiyo "Ask every time" inatosha. Kisoma QR kifute, kamera ya simu nyingi za sasa inasoma yenyewe. Google inahitaji maiki ikiwa unaitafutisha kwa sauti. Kama huongei nayo, zima, na kamera yake pia. Gboard umeonyesha mwenyewe kwamba unaiongelea Kiswahili ikaandika, na inakuokolea muda, basi iache. Mchezo wa mtoto, zima maiki. Utaendelea kuchezwa bila tatizo. Camera na Phone, programu za simu yenyewe, usizifanyie lolote.

Ukimaliza, fungu la kamera litakuwa na Camera na WhatsApp, na la maiki litakuwa na Gboard na WhatsApp. Programu ya pesa itakuwa kwenye "Ask every time". Usishangae kuona majina machache hivyo. Unaweza pia kugusa vidoti vitatu vya kona na kuchagua "Show system". Orodha itarefuka kwa majina ya mfumo wa simu. Yatazame ukitaka, lakini usiyazime kwa kubahatisha, maana mengine ndiyo yanayoendesha simu.

Kuna mambo mawili huwapata watu wiki hiyo hiyo, wakakimbilia kwa fundi wakisema simu imeharibika. La kwanza, kwenye Android 11 na kuendelea, ukigonga "Don't allow" mara mbili kwenye kisanduku cha programu moja, haitakuuliza tena. Utabonyeza kitufe cha kusoma QR, kioo kitabaki cheusi au programu itakaa kimya, na utafikiri kamera imekufa. Fungua programu ya Camera ya simu: ikipiga picha vizuri, kamera ni nzima na tatizo ni ruhusa. Nenda Permission manager uibadilishe.

La pili ni vitufe viwili vya haraka, "Camera access" na "Mic access", vilivyoingia pamoja na Android 12. Hivi haviangalii jina la programu. Ukizima "Mic access", maiki inakatwa kwa programu zote kwa mpigo. Ni vizuri sana kwa wafanyakazi wa mji wa serikali wa Mtumba wanaoingia kwenye kikao na simu mfukoni, au kwako ukiwa unahesabu fedha na mwenzako na hutaki wasiwasi wowote. Kama havionekani kwenye simu yako, vuta kioo mara mbili, gusa alama ya kalamu, utafute kwenye vitufe vya ziada. Kampuni nyingine huviweka ndani ya Settings, kwenye Privacy. Shida huja mtu anaposahau kuwasha. Ujumbe wa sauti unatoka mtupu, na kwenye baadhi ya simu hata ukipigiwa simu ya kawaida anayekupigia hakusikii. Kabla hujalipa mtu afungue simu kubadilisha maiki, angalia kitufe hicho.

Mwisho kuna mlango mmoja ambao orodha hizi haziuoni, na kwa kuwa simu yako inashikwa na wengi nyumbani na dukani, uangalie. Andika `Accessibility` kwenye sehemu ya kutafutia ya Settings, uifungue, utafute kipande kinachoorodhesha programu zilizopakuliwa. Ruhusa ya huko iliwekwa kwa ajili ya wenye ulemavu wa kuona na wengine, na programu iliyopewa inaweza kusoma kilichoko kwenye kioo na hata kukubonyezea vitufe, ikiwemo kitufe cha "Allow". Kwako lazima pawe patupu, isipokuwa kitu ulichokiwasha mwenyewe na unakijua. Ukikuta jina lisiloeleweka, au jina linalojifanya la mfumo kama "System service" bila alama ya maana, lizime hapo kwanza, ndipo ulifute kwenye orodha ya programu. Likigoma kufutika, tafuta `Device admin apps`, uliondolee tiki huko, kisha ujaribu tena.

Fanya hayo jioni moja ukiwa umetulia, inachukua muda mfupi kuliko unavyodhani. Kesho yake usiku, baada ya kutumia tochi ya simu yenyewe, fungua Privacy dashboard tena uguse Camera. Baada ya saa uliyofanya mabadiliko yasionekane majina mengine zaidi ya Camera na WhatsApp, na programu ya pesa ikiwa uliiruhusu. Ukikuta jina jipya hapo, niandikie jina lenyewe kama lilivyo kwenye kioo, pamoja na saa iliyotumia.